Hii ni Taa Gani? Kuitambua Taa ya Mafuta kwa Kuangalia Picha



Siku hizi biashara nyingi huanza na picha. Mtu ana kitu cha kuuza Kitale, anakipiga picha kwa simu, anaituma hadi Kimilili au Chwele, na pesa hutumwa kabla kitu chenyewe hakijashikwa na mkono. Ng'ombe huuzwa hivyo, mabati huuzwa hivyo, na taa pia. Somo letu la leo ni juu ya taa za mafuta, kwa sababu kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kimilili kilituletea picha ya taa tatu na kutuuliza kama kinunue. Walitaka taa za kukodisha kwa matanga. Taa za sola wanazo, lakini mawingu yakitanda siku mbili tatu sola haimalizi usiku, na watu wa matanga hukesha hadi asubuhi.

Muuzaji alikuwa ameandika maneno machache tu chini ya picha: "Karabai tatu, bei moja."

Katibu wa kikundi alituuliza, "Mwalimu, hizi zote si ni karabai tu?" Tulikaa naye tukaiangalia picha hiyo polepole. Katika zile taa tatu, moja haikuwa karabai kabisa. Moja ilikuwa karabai waliyohitaji. Ya tatu ilikuwa karabai kweli, lakini ya aina ambayo ingeweza kumchoma mtu. Tutaeleza hapa jinsi tulivyozitambua, ili nanyi mkiletewa picha ya namna hiyo mjue pa kuangalia.

MAFUTA YANAFIKAJE KWENYE MOTO?

Kwanza tuache majina. Huyu husema fanusi, yule husema kandili, mwingine taa ya chemni, na mara nyingi wanazungumza juu ya kitu kimoja. Jina ambalo muuzaji ameandika halitusaidii sana. Tujiulize swali moja: katika taa hii, mafuta yanafikaje kwenye moto?

Njia ni mbili. Njia ya kwanza ni utambi. Ukichovya ncha ya kitambaa ndani ya maji, maji hupanda yenyewe. Mafuta ya taa hupanda kwenye utambi vivyo hivyo, na huwaka pale juu kwa mwali wa manjano. Koroboi ni ya jamaa hii, na hiyo hatuhitaji somo: ni mkebe, ni kitambaa, hakuna kioo, ni moshi mwingi. Fanusi na taa ya mezani ya chemni ni za jamaa hiyo hiyo.

Njia ya pili ni presha. Unapiga pampu, hewa inajaa ndani ya tangi na kuyasukuma mafuta juu kwenye mrija mwembamba. Mrija huo ni wa moto, kwa hiyo mafuta yanageuka mvuke, yanatokea kwenye tundu dogo sana, yanachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya kifuko cha wavu mweupe. Kifuko hicho ndicho hung'aa. Hapa tutakiita soksi, maana kinafanana na soksi ya mtoto mchanga. Hiyo ndiyo karabai.

Kwa hiyo ukipata picha, usianze kwa kuangalia umbo la taa nzima wala uzuri wake. Anza chini kwenye tangi, upande hadi shingoni, yaani pale tangi linapokutana na kioo. Hapo ndipo taa hujitaja.

TAA YA KWANZA: MIRIJA MIWILI UBAVUNI

Taa ya kwanza pichani ilikuwa na tangi la duara lililo bapa, kioo kilichovimba katikati kama pea, na vyuma viwili vilivyopanda kutoka kwenye tangi, kimoja kila upande, hadi kwenye kofia ya juu. Katibu alituonyesha kitu kilichojitokeza kwenye tangi akasema, "Pampu si ndiyo hii?"

Tulimwomba akuze picha. Kile kitu kilikuwa kizibo cha kujazia mafuta. Kinakaa juu ya bega la tangi, ni kifupi, na kinafungwa kwa kuzungusha. Pampu ni tofauti: ina fimbo inayoingia ndani ya tangi, na kishikio chake husimama nje kwenye ubavu wa tangi kama kitasa cha mlango. Watu wengi wanaodanganywa na picha hudanganywa hapa.

Kisha tukaangalia shingo. Chini ya kioo kulikuwa na waya mwembamba uliotoka nje, na mwishoni kijigurudumu kidogo. Waya huo ndio unaopandisha na kushusha utambi. Taa yenye kijigurudumu cha waya namna hiyo, na isiyo na pampu, ni ya utambi.

Vile vyuma viwili vya ubavuni ndivyo vinavyoitofautisha fanusi na taa ya kawaida ya mezani. Si nguzo za kushikilia kioo tu. Ni mirija, ndani ni mitupu, unene wake kama kidole. Huleta hewa kutoka juu, chini ya kofia, hadi kwenye utambi. Upepo ukivuma hauwezi kuupiga mwali moja kwa moja, na ndiyo sababu ukienda zizini usiku na fanusi haizimiki. Karabai nazo zina vyuma vya kukinga kioo, lakini hivyo ni vyembamba kama waya au kama ukanda wa bati. Kwa hiyo ukiona vyuma viwili pichani jiulize: ni vinene kama mrija, au ni vyembamba kama waya?

Taa hiyo ya kwanza basi ilikuwa fanusi. Kwenye kofia iliandikwa Dietz. Jina hilo ni la kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1840, lakini kazi ya kutengeneza fanusi ilihamishiwa Hong Kong katika miaka ya 1950, na baadaye Uchina. Kwa hiyo jina la Dietz peke yake halikuambii kama taa ni ya babu au ni ya juzi. Muuzaji akikuongezea bei ati kwa sababu ni ya zamani ya wazungu, mwombe picha ya maandishi yote, pamoja na yale yanayotaja nchi.

Je, fanusi ni mbaya? Hapana. Ila bei yake haiwezi kuwa bei ya karabai, maana mwanga wake ni kama wa mishumaa 10 hivi, na hautoshi uwanja wa matanga. Kwa mafuta yenyewe fanusi inaishinda karabai mbali sana. Fanusi ndogo ya Feuerhand ya Kijerumani, ile ya namba 276, hujazwa mililita 340 na huwaka karibu saa 20. Karabai kubwa ya Petromax hujazwa lita moja na huwaka saa 8 hivi. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 11: fanusi itakunywa chini ya robo lita, karabai itakunywa lita moja na zaidi ya theluthi. Tangu Septemba 2018, serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli, tofauti hiyo inauma mfukoni.

TAA YA PILI: KARABAI YA MAFUTA YA TAA

Taa ya pili haikutusumbua. Tangi lilikuwa la kung'aa, la duara, na ubavuni kulikuwa na kishikio cha pampu kimejitokeza wazi. Kizibo cha kujazia kilikuwa na geji ndogo kama uso wa saa. Hiyo ni ya kuonyesha presha. Shingoni kulikuwa na gurudumu nene la kushika kwa vidole, lenye alama ya mshale. Kioo kilikuwa kimenyooka kama bomba, hakikuvimba.

Ishara hizi zote pamoja ni za karabai ya namna ya Petromax. Petromax yenyewe ni ya Kijerumani, na imeigwa na viwanda vingi vya Asia. Nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni hizo za kuigwa, kama zile zenye picha ya kipepeo au ya nanga. Jamaa ni moja. Vipuri vyake vingi huingiliana, ila si vyote, kwa hiyo ukienda dukani beba kile cha zamani mkononi.

Tulimwambia katibu amwombe muuzaji picha nyingine, kioo kikiwa kimetolewa. Tulitaka kuona kitu kimoja: kikombe kidogo cha chuma kinachozunguka mrija, chini ya soksi. Kikombe hicho ni cha spiriti. Mafuta ya taa hayageuki mvuke mpaka mrija upate moto, kwa hiyo unatia spiriti kidogo kwenye kikombe, unaiwasha, unangoja mrija upate moto, ndipo unapiga pampu. Karabai nyingine za jamaa hii zina kiwiko kidogo kando ya kioo; ukikisukuma hutoa mwali wa kupasha mrija haraka bila spiriti. Picha ilipokuja, kikombe kilikuwapo. Hii ilikuwa karabai ya mafuta ya taa, bila shaka yoyote.

TAA YA TATU: KARABAI NYEKUNDU

Hii ndiyo iliyotufanya tuandike somo. Ilikuwa na tangi jekundu zuri, kioo kipana, na pampu ubavuni. Akina mama waliipenda kuliko zote. Mmoja wao alikuwa tayari na mtungi wa mafuta ya taa nyumbani.

Tuliona mambo matatu yasiyolingana na taa ya pili. La kwanza, kizibo hakikuwa na geji. La pili, kishikio cha pampu kilikuwa na tundu katikati. Tundu hilo huzibwa kwa kidole gumba unapopiga pampu, na ni desturi ya taa za Coleman za Marekani. La tatu, tulipoletewa picha bila kioo, hapakuwa na kikombe cha spiriti. Mrija ulitoka shingoni ukapanda kando ya soksi, wazi kabisa, na chini yake hapakuwa na pa kutia kitu.

Taa ya presha isiyo na pa kupashia mrija huenda imetengenezwa kwa ajili ya petroli. Petroli hutoa mvuke hata ikiwa baridi, kwa hiyo haihitaji spiriti. Unafungua, unawasha kwa kiberiti, basi. Mafuta ya taa hayafanyi hivyo. Hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafike joto la digrii 38 au zaidi. Ukiyatia kwenye taa ya petroli na kuiwasha hivyo hivyo, hayatatoka kama mvuke. Yatatoka kama maji, yataloanisha soksi, yatadondoka, kisha mwali mkubwa wenye moshi utapanda nje ya kioo.

Lakini kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi. Mtu akizoea kwamba ile nyekundu hunywa petroli, siku moja gizani, watu wakiwa wengi, atatia petroli kwenye ile ya pili, au kwenye fanusi. Fanusi yenye petroli haina kitu cha kuuzuia mvuke usiufikie mwali. Tangi linalipuka mikononi mwa aliyeibeba.

Hata hivyo hatukutaka kuhukumu kwa sababu ya kikombe peke yake. Karabai za Tilley za Kiingereza nazo hazina kikombe, na ni za mafuta ya taa. Hizo hupashwa moto kwa kibanio kilichofungwa kitu cha kunyonya spiriti. Unakichovya, unakibana kwenye mrija, unakiwasha. Kibanio hutoka, na kwa hiyo hupotea. Anayeuza Tilley bila kibanio anaweza kukufanya udhani ni ya petroli. Tofauti iko kwenye mrija. Wa Tilley husimama wima katikati na kupita ndani ya soksi yenyewe, ndiyo maana soksi yake imetobolewa pande zote mbili na hufungwa juu na chini. Soksi ya Petromax ina mdomo mmoja tu, na huning'inia. Ukinunua ya Petromax kwa ajili ya Tilley, umetupa pesa.

Taa nyekundu haikuwa na mrija wa katikati. Tukaomba picha ya tatu, ya chini ya tangi, na ya kibandiko cha mbele. Kibandiko kilisema Coleman, 200A. Chini ya tangi palikuwa na namba zilizopigwa kwenye chuma: 8 upande mmoja, 71 upande mwingine. Coleman huandika hivyo mwezi na mwaka, kwa hiyo ilitengenezwa Agosti 1971. Na 200A ni taa ya soksi moja, ya petroli safi ya kambi, ile isiyotiwa dawa za gari. Ni taa nzuri kwa kazi yake. Kwa matanga ya Kimilili, mahali ambapo taa hujazwa na yeyote aliye karibu, haifai. Coleman walitengeneza pia taa za mafuta ya taa, na hizo zina kikombe.

Kikundi kilinunua ile ya pili, na fanusi kwa bei ya fanusi. Nyekundu waliiacha. Tuliwashauri pia wapake rangi ya buluu kwenye tangi la karabai na kwenye mtungi wake wa mafuta, rangi moja, ili anayejaza alinganishe rangi na rangi. Ikiisha usiku wa manane, iachwe ipoe na presha itolewe kabla ya kufungua kizibo.

JINSI YA KUOMBA PICHA, NA KISICHOONEKANA

Mwombe muuzaji apige picha mchana, taa ikiwa haijawashwa. Taa inayowaka hujaza picha kwa mwanga, na karabai huonekana kama mpira mweupe tu. Rangi ya mwanga kweli hutofautiana, manjano kwa utambi na nyeupe kwa soksi, lakini simu hubadilisha rangi yenyewe, kwa hiyo msiitegemee. Picha tatu zinatosha: moja ya ubavu wenye pampu au kijigurudumu, moja ya shingo bila kioo, moja ya chini ya tangi. Kando ya taa iwekwe sanduku la kiberiti, ambalo urefu wake ni kama sentimita 5. Hapo mtaweza kukadiria urefu wa kioo, na hata upana wa utambi, ambao kwa fanusi nyingi ni kati ya milimita 15 na 22.

Maandishi kwenye kioo yasiaminiwe sana. Vioo huvunjika na kubadilishwa, na tumeona kioo chenye jina moja kimekaa juu ya tangi lenye jina lingine. Maandishi yaliyopigwa kwenye chuma ndiyo shahidi.

Picha haitawaambia kama washa ya ngozi ya pampu imekauka, kama tangi limetoboka kwa kutu chini, au kama lile tundu dogo la mvuke limepanuliwa na mtu aliyelisafisha kwa sindano nene. Hayo ni ya kushika taa mkononi, kupiga pampu na kupaka povu la sabuni kwenye viungo kuona kama hewa inatoka. Kwa hiyo msitume pesa zote kwa ajili ya picha. Mmoja apande matatu aende Kitale aijaribu.

ZOEZI LA KIKUNDI

Mzee mmoja ana picha ya taa iliyotoka katika shamba la mlowezi huko Trans Nzoia. Ina kioo chembamba kirefu sana, na ndani ya kioo inaonekana soksi nyeupe. Shingoni kuna kijigurudumu cha kuzungusha. Hakuna pampu, hakuna geji, hakuna mirija ubavuni. Wengine wanasema ni karabai kwa sababu ya soksi. Wengine wanasema ni taa ya chemni. Jadilianeni kabla ya kusoma jibu.

Jibu: Hakuna pampu, kwa hiyo mafuta hupanda kwa utambi. Ni taa ya utambi yenye soksi, ya namna ya Aladdin. Utambi wake ni wa mviringo kama pete, na joto la mwali ndilo linaloing'arisha soksi. Hutumia mafuta ya taa, na petroli isitiwe humo hata tone. Haihitaji spiriti. Utambi ukipandishwa juu mno, soksi hugeuka nyeusi kwa masizi. Hapo ushusheni utambi na kungoja, na masizi yataungua yenyewe.